Minyororo ya Majina: Ikisiri za Kitaaluma za Kiitaliano na Ufasiri wake katika Kiingereza

1. Utangulizi

Mtu asomaye majarida ya kitaaluma yachapishwayo nchini Italia, hasa yale ya historia, elimu na sheria, hukuta mara nyingi kwamba makala yenyewe yameandikwa kwa Kiitaliano, lakini yametanguliwa na ikisiri mbili: moja ya Kiitaliano na nyingine ya Kiingereza. Wasomaji wengi wa nje hawataisoma ila hiyo ya pili. Kwa hiyo yasemwayo katika aya ile fupi ya Kiingereza ndiyo yatakayonukuliwa na kubishaniwa mbali na Italia, hata kama makala yenyewe yasema jambo jingine kidogo.

Ikisiri ya Kiitaliano aghalabu huandikwa kwa mtindo ambao Waitaliano wenyewe huuita mtindo wa majina. Katika mtindo huu kazi ambayo ingeweza kufanywa na kitenzi hufanywa na jina, na majina hayo hufungamanishwa moja baada ya jingine kwa kihusishi. Ikifasiriwa neno kwa neno, Kiingereza chake huwa kizito na kigeni. Ndipo mfasiri anapoambiwa ailainishe.

Makala haya yanajaribu kueleza kulainisha huko ni kufanya nini hasa. Hoja yetu ni kwamba kila jina linapogeuzwa kuwa kitenzi, mfasiri hulazimika kusema jambo ambalo matini ya asili imelinyamazia: nani alitenda, lini, na kwa hakika kiasi gani. Ulaini si mapambo tu. Ni uamuzi juu ya maana, na uamuzi huo waweza kuwa wa kweli au wa uongo. Msomaji wa Kiswahili anayo nafasi nzuri ya kuyaona haya, kwa kuwa lugha yake hutofautisha wazi mambo mawili ambayo Kiingereza huyachanganya. Tutayaona katika sehemu ya 4 na ya 5.

2. Mtindo wa majina

Mtindo huu si jambo geni katika uchunguzi wa Kiitaliano. Herczeg aliuandikia kitabu kizima kilichotolewa mjini Firenze mwaka 1967. Miaka miwili kabla yake, mwandishi Italo Calvino alikuwa ameandika katika gazeti makala mafupi ya kuukejeli ndugu yake, yaani mtindo wa maofisini, akauita "antilingua", maana yake lugha iliyo kinyume cha lugha. Calvino anamwonyesha mtu akieleza kwa maneno mepesi kwamba alishuka ghalani kuwasha jiko, akakuta chupa za mvinyo, naye askari aliye mbele ya taipureta akiyageuza maneno yale kuwa sentensi ndefu isiyo na jiko wala chupa, bali vyombo na shughuli. Calvino aliona humo hofu ya kukitaja kitu kwa jina lake.

Lakini ingekuwa kosa kumhukumu mwanachuoni wa Kiitaliano kwa kipimo hicho pekee. Katika ikisiri, jina lina faida zake. Laweza kubeba kitendo kizima bila kumtaja mtendaji wala wakati, na hivyo mwandishi huweza kuorodhesha mada zake kwa ufupi. Tena Kiitaliano kina nyenzo za kuushikilia mnyororo mrefu usikatike. Kihusishi "di" huungana na kibainishi kinachofuata na kutoa maumbo kama "del", "della", "dei", "degli" na "delle", ambayo humwonyesha msomaji jinsia na idadi ya jina linalokuja. Vivumishi navyo hupatana na majina yake. Kiingereza hakina nyenzo hizo, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

3. Mfano mmoja

Ili kuyachunguza haya kwa karibu, tumetunga ikisiri fupi kwa kufuata desturi ya majarida tuliyoyataja. Habari yake ni shule ya kati nchini Italia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya sitini, mtoto wa Kiitaliano aliyemaliza shule ya msingi alikabiliwa na njia mbili: shule ya kati yenye Kilatini, iliyofungua mlango wa masomo ya juu, na shule ya kuandalia kazi. Sheria namba 1859 ya tarehe 31 Desemba 1962 iliziunganisha njia hizo kuwa shule moja ya watoto wote. Sentensi ya kwanza ya ikisiri yetu ni hii:

(1) Il contributo ha per oggetto l'analisi delle modalità di attuazione del processo di unificazione della scuola media nelle aree rurali dell'Italia meridionale, con particolare riferimento alla riduzione dell'abbandono degli studi da parte degli alunni delle famiglie contadine.

Kwa Kiswahili kinachoifuata hatua kwa hatua: makala haya yana shabaha ya uchambuzi wa namna za utekelezaji wa mchakato wa uunganishaji wa shule ya kati katika maeneo ya mashambani ya Italia ya kusini, kwa kurejelea hasa upunguzaji (au kupungua) wa uachaji wa masomo kwa upande wa wanafunzi wa jamaa za wakulima.

Sentensi hii ina kitenzi kimoja tu, "ha", yaani "yana". Majina yake ni 17, na kihusishi "di", katika maumbo yake mbalimbali, kimetokea mara 10. Mfasiri mwenye haraka atatoa hivi:

(2) The contribution has as its object the analysis of the modalities of implementation of the process of unification of the middle school in the rural areas of southern Italy, with particular reference to the reduction of the abandonment of studies on the part of the pupils of peasant families.

Hakuna kosa la sarufi hapa, lakini Mwingereza haandiki hivi. Mfasiri mwingine, kwa kuwa amesikia kwamba Kiingereza huweza kupanga majina bila kihusishi, atajaribu kuufupisha mnyororo kwa kuugeuza kichwa chini:

(3) an analysis of southern Italian rural middle school unification process implementation modalities

Dawa hii yashinda ugonjwa. Katika (2) msomaji huchoka, lakini haendi kombo, kwa sababu kila "of" humwonyesha uhusiano wa majina mawili. Katika (3) alama zote za uhusiano zimeondolewa, naye hana budi kungoja neno la mwisho ndipo ajue habari ni ya nini. Kwa kawaida Kiingereza huvumilia majina mawili au matatu yaliyopangwa hivyo, hasa yakiwa istilahi iliyozoeleka, kama "middle school". Zaidi ya hapo huwa fumbo.

Njia ya tatu ni kuyauliza majina yenyewe: ni yapi yanayobeba kitendo, na ni yapi yaliyo matupu? "Modalità" na "processo" ni matupu. "Processo di unificazione" hakina zaidi ya "unificazione", na "modalità di attuazione" maana yake ni jinsi jambo lilivyotekelezwa, wala si zaidi. "Per oggetto l'analisi" nacho ni kitenzi kimoja kilichofichwa katika majina mawili, yaani "huchambua". Majina matupu hudondoshwa. Majina yenye kitendo hurudishiwa vitenzi vyake. Majina ya vitu, yaani shule, wanafunzi na wakulima, hubaki yalivyo. Tokeo lake ni hili:

(4) This article examines how the unified middle school was introduced in the rural areas of southern Italy. It looks in particular at the fall in the number of peasants' children who left school early.

Wafasiri wa Kifaransa na Kiingereza waliifahamu kazi hii tangu zamani. Vinay na Darbelnet, katika kitabu chao cha mwaka 1958, waliita ubadilishaji wa aina ya neno bila kubadilisha ujumbe kwa jina la uhamishaji. Lakini sharti hilo la mwisho, yaani "bila kubadilisha ujumbe", ndilo gumu, na ndilo tunalolichunguza sasa.

4. Kupungua, kupunguza, kupunguzwa

Tulipoifasiri sentensi (1) kwa Kiswahili tulikwama penye neno "riduzione", tukalazimika kuweka maneno mawili. Sababu ni kwamba jina la Kiitaliano halionyeshi kama jambo lilipungua lenyewe au lilipunguzwa na mtu. Katika Kiswahili, kitenzi kikifanywa jina kwa kiambishi ku-, hakiachi minyambuliko yake nyuma. Twasema "kupungua kwa uachaji wa masomo", au "kuupunguza uachaji wa masomo", au "kupunguzwa kwa uachaji wa masomo", na kila moja lina maana yake. La kwanza halina mtendaji. La pili na la tatu yanamdai mtendaji, awe ametajwa au hakutajwa.

Neno "reduction" la Kiingereza lina utata uleule wa Kiitaliano, ndiyo maana mfasiri wa (2) hakugundua lolote: utata uliingia mkono wa kulia ukatokea mkono wa kushoto. Lakini yule anayelainisha hawezi kuukwepa, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kitamtaka achague. Tuseme ameandika hivi:

(5) It shows how the reform kept peasants' children in school.

Sentensi hii ni fupi na tamu kuisoma, na mhariri wa Kiingereza angeifurahia. Hata hivyo imesema mambo matatu yasiyokuwamo katika (1). Kwanza, imeifanya sheria ya mwaka 1962 kuwa mtendaji. Pili, imedai kwamba mwandishi amelithibitisha jambo hilo, ilhali asili yasema tu kwamba analirejelea. Tatu, imebadilisha upungufu kuwa ushindi: kutoka wachache zaidi walioacha shule, tumefika kwa watoto waliobakizwa shuleni. Huenda watoto wale waliendelea na masomo kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano kwa kuwa baba zao walihamia miji ya kaskazini, au kwa kuwa barabara ilijengwa. Mwanahistoria aliyeandika "riduzione" kwa tahadhari atajikuta ananukuliwa ng'ambo kuwa mtetezi wa sera fulani.

Ndiyo maana katika (4) tuliliacha jina "fall" mahali pake. Neno hili ni jina, lakini ni jina la kupungua, si la kupunguza. Hapa yaonekana kwamba kulainisha si kuyafukuza majina yote. Mahali ambapo mwandishi ameacha sababu wazi kwa makusudi, jina lililochaguliwa vizuri ni aminifu kuliko kitenzi. Ikiwa mwili wa makala wasema dhahiri kwamba sheria ndiyo iliyoleta upungufu, basi mfasiri ana haki ya kutumia kitenzi chenye mtendaji. Haki hiyo hutoka katika makala, wala haitoki katika sikio la mfasiri.

Yafaa kuongeza kwamba mahali pengine Kiitaliano chenyewe humtaja mtendaji. Kifungu "da parte degli alunni" kimewekwa ili kuonyesha kwamba walioacha masomo ni wanafunzi. Bila kifungu hiki "di" peke yake ingeweza kumaanisha mtendaji au mtendwa, kama vile katika Kiswahili "mapenzi ya mama" yaweza kuwa mapenzi aliyo nayo mama au mapenzi anayopewa mama. Kwa hiyo mfasiri akikutana na "da parte di" ajue amepewa kiima cha kitenzi chake. "On the part of" haina kazi tena. "Children who left" imeyamaliza yote.

5. Upatanisho uliopotea

Sentensi ya mwisho ya ikisiri yetu inatuonyesha hatari ya aina nyingine:

(6) Si evidenzia infine la necessità di un riesame della revisione dei criteri di valutazione introdotta nel 1977.

Mfasiri wa neno kwa neno atasema:

(7) Finally, the necessity is highlighted of a re-examination of the revision of the evaluation criteria introduced in 1977.

Ni kitu gani kilicholetwa mwaka 1977? Msomaji wa Kiingereza atajibu bila kusita: ni vigezo vya tathmini, maana ndivyo vilivyo karibu na "introduced". Kisha ataendelea kuamini kwamba vigezo hivyo vililetwa mwaka 1977 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Atakuwa amekosea historia.

Kivumishi "introdotta" kina jinsia ya kike na umoja. "Criteri" ni wingi, tena wa kiume. Haliwezi kuwa ndilo. "Riesame" ni la kiume. Yamebaki "necessità", "revisione" na "valutazione". Haja hailetwi katika mwaka fulani, kwa hiyo "necessità" laondoka kwa maana. Kati ya mawili yaliyobaki, sarufi haiamui, bali historia huamua. Tathmini ya wanafunzi ilikuwapo siku zote. Kilichotokea mwaka 1977 ni sheria namba 517, iliyoondoa alama za tarakimu katika shule za msingi na za kati na kuweka mahali pake maelezo ya maandishi juu ya kila mwanafunzi. Hayo ni marekebisho. "Introdotta" basi ni sifa ya "revisione".

Sasa tazama Kiswahili. Twaweza kusema: haja ya kuchunguza upya marekebisho ya vigezo vya tathmini yaliyoletwa mwaka 1977. Tukisema "yaliyoletwa", ni marekebisho. Tukisema "vilivyoletwa", ni vigezo. Tukisema "iliyoletwa", ni tathmini. Ngeli zetu zimefanya kazi ileile ifanywayo na jinsia na idadi katika Kiitaliano, tena kwa ukamilifu zaidi, kwa kuwa hazikuhitaji msaada wa historia. Mnyororo wetu wa -a unganifu, wenye wa, ya na vya, waweza kurefuka bila msomaji kupotea, kwa sababu kila pete inamwonyesha pete iliyo nyuma yake.

Kiingereza hakina upatanisho wa namna hii. Kwake, jirani ndiye ndugu. Kwa hiyo mfasiri hana njia ila kuhamisha maneno, auweke mwaka karibu na kitu chake:

(8) Finally, the article argues that the 1977 revision of the criteria for assessing pupils should be re-examined.

Tumefanya mambo manne hapa. Mwaka umewekwa kabla ya "revision", na utata umekwisha. "Valutazione" imepata mtendwa wake, "pupils", jambo linaloruhusiwa ikiwa tu makala yaonyesha kwamba ni tathmini ya wanafunzi, wala si ya walimu au ya sheria yenyewe. "Necessità" imekuwa "should". Na "si evidenzia", ambayo haina mwenye kusema, imepata kiima, yaani makala. Hili la mwisho latakiwa kuangaliwa. Kiitaliano hupenda kumficha mwandishi nyuma ya "si", na hiyo ni adabu ya kitaaluma. Kumweka "I" mahali pake kungekuwa kumtoa mbele ya watu bila ruhusa. Kuyafanya makala yaseme ni njia ya kati, nayo imekubalika katika Kiingereza.

6. Mahali pa habari mpya

Tumeiacha sentensi ya kati hadi sasa kwa kuwa tatizo lake ni la mpangilio:

(9) Dall'esame dei registri scolastici emerge la persistenza di forme di esclusione legate alla distanza dalla sede scolastica.

Yaani: kutokana na uchunguzi wa madaftari ya shule wajitokeza uendelevu wa aina za utengwaji zinazohusiana na umbali wa shule. Kitenzi "emerge" kimetangulia, na kiima chake kimefuata, kwa sababu Kiitaliano huweka habari mpya mwishoni. Kiingereza hudai kiima kianze, na mfasiri akikitii bila kufikiri ataanza na "The persistence of forms of exclusion", kisha msomaji afike mwisho akute madaftari, ambayo si habari kuu. Lililo bora ni kuchukua kilichotangulia katika Kiitaliano, yaani madaftari, na kukifanya kiima:

(10) School registers show that children continued to be excluded in ways linked to how far they lived from school.

Mpangilio wa habari umebaki uleule, ingawa sarufi imebadilika. Hapa pia kuna kishawishi cha kwenda mbali zaidi, yaani kuandika kwamba watoto walitengwa "because" waliishi mbali. Asili yasema "legate", zinazohusiana. Uhusiano si sababu, na mwandishi aliyetaka kusema "kwa sababu ya" alikuwa na maneno ya kulisema hilo.

7. Kujihakiki

Mfasiri atajuaje kwamba amelainisha bila kuzua? Kipimo tunachokipendekeza ni kazi ya nusu saa. Achukue ikisiri yake ya Kiingereza akipigie mstari kila kitenzi kilichotoka katika jina. Katika mfano wetu vitenzi hivyo si vingi: "examines", "introduced", "left", "continued", "excluded", "lived", "assessing", "re-examined". Kwa kila kimoja atafute katika mwili wa makala sentensi inayomwambia nani na lini. Akiipata, kitenzi kinabaki. Asipoipata, ama amwulize mwandishi, ama arudishe jina lisilotaja mtendaji. Kisha aangalie kila mwaka, kila tarakimu na kila kivumishi kilichokuwa mwisho wa mnyororo, na ahakikishe kwamba katika Kiingereza kimekaa kando ya kitu chake.

Katika mfano wetu, kitenzi "lived" kitamsumbua. Asili haikusema kwamba watoto waliishi mbali. Yasema umbali tu. Ikiwa madaftari yaliandika makazi ya watoto, kitenzi kinasimama. Ikiwa yaliandika tu ni vijiji vipi visivyokuwa na shule, basi hatuna budi kurudi nyuma na kuandika "linked to distance from school", ingawa sentensi itapoteza wepesi wake kidogo. Hasara hiyo ni afadhali, kwa kuwa msomaji wa ng'ambo hana kitu kingine cha kushika ila aya ile.